Mchwa kwenye nyumba ya zamani: vituo vya chambo au dawa ya udongoni?

*"Shikamoo mtaalamu. Nyumba yetu ipo Kibaha, ya tofali za saruji, mita 10 kwa 12, tunaishi humo mwaka wa tisa. Mchwa wametoka chini ya fremu ya mlango wa chumbani, wamejenga njia zao za udongo mpaka darini. Mwaka jana fundi alikuja na bomba la mgongoni akapulizia kuta zote, wakapotea, baada ya miezi michache wamerudi. Sasa nimepata ushauri wa aina mbili: mmoja anataka kutoboa sakafu na kumwaga dawa udongoni, mwingine anataka kuzungusha vituo vya chambo nje ya nyumba na anasema havina sumu. Nina watoto wadogo, kisima kipo mita 8 kutoka ukuta wa jikoni, na kwa jirani kuna kichuguu kikubwa. Nichague kipi?"*

Marahaba. Kwa nyumba uliyoieleza, ningeweka dawa udongoni kuzunguka pande tatu kwa njia ya kawaida, upande wa kisima ningetumia njia tofauti nitakayoieleza, na chambo ningekiacha kiwe cha akiba. Nitakueleza kwa nini, maana huyo anayekuuzia chambo hajakudanganya. Chambo kinafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba kwa mchwa wetu wengi wa huku hakifanyi kazi kwa kasi anayokuahidi.

Kwanza thibitisha ni mchwa wa aina gani. Njia za udongo ukutani ni ushahidi mzuri kwamba wanatoka ardhini, na hiyo ndiyo hali ambayo dawa ya udongoni na chambo vilitengenezewa. Huku Pwani, Dar, Unguja na Mombasa wapo pia mchwa wa mbao kavu. Hao wanaishi ndani ya mbao yenyewe, hawagusi ardhi kabisa, na wanaangusha vipunje vidogo vikavu vinavyojikusanya kama rundo dogo chini ya fremu au kabati. Ukikuta vipunje hivyo bila njia yoyote ya udongo, kutoboa sakafu ni kupoteza pesa na chambo cha nje ni hivyo hivyo, kwa sababu mchwa hao hawatashuka kukutana navyo. Inayotakiwa kutibiwa hapo ni ile mbao.

Sasa tuzungumzie alichofanya fundi wa mwaka jana. Mchwa unaowaona kwenye fremu ni sehemu ndogo ya ukoo mzima. Malkia, mayai na watoto wapo ardhini, pengine makumi ya mita kutoka kwenye nyumba, na wanaotumwa kutafuta chakula ni wafanyakazi tu. Bomba la mgongoni linabeba lita 16 hivi. Ukipulizia kuta na njia za udongo, unaua waliopo siku hiyo, na waliobaki chini wanajenga njia mpya mahali pengine, mara nyingi nyuma ya plasta ambako huwaoni. Ndiyo maana ulipata utulivu wa miezi michache. Udongo chini ya nyumba yako, ambao ndio mlango wao, haukuguswa.

Dawa ya udongoni inafanya kazi kwa kulowesha ukanda mzima wa udongo unaogusana na msingi, ili mchwa yeyote anayetaka kupanda alazimike kupita ndani yake. Hapa aina ya dawa ina maana kubwa. Dawa za jamii ya bifenthrini na sipamethrini zinafukuza: mchwa anazihisi, anageuka, na anaanza kutafuta pengo. Ukanda ukiwa kamili, utalindwa. Kukiwa na sehemu ya upana wa kiganja ambayo haikulowa, wataipata, maana wanaitafuta usiku na mchana. Kwenye nyumba ambayo tayari imejengwa, kupata ukanda usio na pengo hata moja ni vigumu mno, kwa hiyo dawa hizi sizipendi kwa kazi kama yako.

Fipronili na imidaklopridi hazifukuzi. Mchwa hajui kwamba amepita kwenye sumu, anaendelea na safari, anagusana na wenzake na kuwaambukiza kidogo, na anakufa baadaye. Wauzaji wengine hutia chumvi hapo, wakisema ukoo wote utakufa mpaka malkia. Usitegemee hilo. Wengi huanguka karibu na ukanda wa dawa kabla hawajafika mbali, na kiota kilicho mita 30 kutoka kwako kinaweza kuendelea kuishi vizuri tu. Unachonunua ni nyumba isiyofikika, na kwa mwenye nyumba hilo linatosha.

Kizuizi kinasimama au kinaanguka kwa wingi wa maji yenye dawa. Kipimo cha kawaida kwenye maelekezo ya dawa hizi ni takriban lita 5 kwa kila mita moja ya ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina, kushuka mpaka pale zege la msingi linapoanza. Tuchukue nyumba yako. Nadhani upande wa mbele wa mita 10 una baraza, na upande wa nyuma wa mita 10 ndio wa jikoni unaotazama kisima. Kama sivyo, geuza hesabu ifuate nyumba ilivyo.

Pande mbili za mita 12 zinachimbwa mtaro uliobana ukuta, upana na kina kisichopungua sentimita 15. Dawa inamwagwa ndani ya mtaro, na kwa bomba la chuma inasukumwa chini zaidi, na udongo unaorudishwa nao unaloweshwa. Kama zege la msingi lipo sentimita 60 chini, mita 24 zinakula lita 240. Upande wa baraza huwezi kuchimba, kwa hiyo inatobolewa zege ya baraza kwa drili, tundu la milimita 12 kila baada ya sentimita 30, sambamba na ukuta. Kila tundu linaingizwa lita moja na nusu, jumla lita 50. Ndani, ukuta ule wenye fremu iliyoliwa, tuseme una mita 8, unatobolewa pande zote mbili kwa mtindo huo huo, na hapo zinaingia lita 80. Upande wa kisima utachukua lita 55 hivi kwa njia nitakayoisema. Jumla inapita lita 400. Kwa bomba la fundi wako wa mwaka jana, hiyo ni kulijaza mara 26 hivi. Fundi wa kweli atakuuliza maji yapo wapi kabla hajakutajia bei, au atakuja na simtanki na mashine ya kusukuma. Anayekuambia atamaliza nyumba yako kwa bomba la mgongoni kabla ya saa sita mchana, mshukuru na umuage.

Ukali wa dawa nao uhesabiwe mbele yako. Kwa fipronili yenye gramu 25 kwa lita, ili kupata mchanganyiko wa asilimia 0.06 unaotumika sana, unaweka mililita 24 kwa kila lita ya maji. Kwa lita 400 na ushee, hiyo ni karibu lita 10 za dawa ambayo haijachanganywa. Kopo lako likiwa na nguvu tofauti, hesabu inabadilika, na lebo ndiyo inayoamua. Fundi akija na chupa moja ya nusu lita ya dawa hiyo, unajua tayari kwamba anakwenda kulowesha udongo kwa maji matupu.

Ungio la baraza na nyumba nalisisitiza kwa sababu ndipo ninapokuta mchwa mara nyingi zaidi. Nyumba hujengwa kwanza, baraza humwagwa baadaye, na zege mbili hazishikani. Inabaki nafasi nyembamba kutoka udongoni mpaka kwenye plasta, na mchwa hahitaji zaidi ya milimita mbili. Hali ni hiyo hiyo pale bomba la choo linapopenya zege la sakafu, na pale maua au kifusi vilipolundikwa ukutani kupita usawa wa sakafu. Kifusi kikilazwa juu ya udongo uliotibiwa, mchwa anapita juu ya dawa bila kuigusa. Kiondoe kabla fundi hajaja.

Kisima chako ndicho kitu kinachonifanya niandike kwa tahadhari zaidi. Kibaha sehemu kubwa ni mchanga, na mchanga haushiki dawa kama mfinyanzi unavyoshika. Mita 8 ni karibu mno kwa dawa kusukumwa kwa mashine ardhini. Kwa ukuta wa jikoni usikubali bomba la chuma wala kutoboa. Mtaro unachimbwa, kina cha sentimita 30, udongo wote unatolewa na kuwekwa juu ya karatasi ya nailoni mbali na kisima. Kila ndoo ya lita 20 ya udongo inamiminiwa lita mbili na nusu za mchanganyiko, inageuzwa kwa koleo kama unavyochanganya chokaa na mchanga, mpaka udongo uloe wote bila kuchuruzika. Mtaro unatandikwa nailoni upande unaotazama kisima, na udongo unarudishwa ukiwa umeshanyonya dawa. Kazi hii isifanywe mawingu yakiwa yamefunga au udongo ukiwa umelowa kwa mvua. Kama kisima chako kifupi, kina maji ya juu juu, au kipo kwenye mteremko chini ya nyumba, basi hata hilo usifanye. Upande huo uache bila dawa na uwekee vituo vya chambo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chambo.

Kituo cha chambo ni kopo la plastiki lenye matundu, linafukiwa ardhini nusu mita hadi mita moja kutoka ukutani, kila baada ya mita 3 hivi. Kwa nyumba yako vinahitajika kama 15. Ndani mna mbao laini au karatasi iliyoshindiliwa, na dawa kidogo sana. Wengi wanadhani kituo kinawavuta mchwa kutoka mbali. Hakiwavuti. Mchwa wanachimba njia zao kila upande wakitafuta chakula, na siku moja wanakigonga. Inaweza kuwa baada ya wiki tatu, inaweza kuwa baada ya mwaka, na muda wote huo fremu yako inaendelea kuliwa.

Dawa iliyomo haiui papo hapo, na hiyo ni makusudi. Jamii ya heksaflumuroni, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1995, inazuia mdudu kutengeneza kitini, ile ngozi ngumu ya nje. Mchwa akila hahisi kitu. Anarudi kiotani, anawalisha wenzake mdomo kwa mdomo, na kila anayefika wakati wa kujivua ngozi anashindwa kutengeneza mpya na kufa. Kwa mchwa waharibifu wanaotawala Marekani na sehemu za Asia, wafanyakazi wenyewe huendelea kujivua ngozi maisha yao yote, kwa hiyo chambo kinawamaliza wafanyakazi moja kwa moja, na ukoo mzima huanguka ndani ya miezi michache. Gramu chache za dawa zinaua kiota ambacho hujawahi kukiona. Ni ubunifu mkubwa na naukubali kwa dhati.

Mchwa wetu wengi ni wakulima. Ule uyoga mkubwa unaochomoza kwenye vichuguu mvua zikianza, ambao watu wanauchuma na kuupika, unatoka kwenye mashamba yao. Mbao wanayotafuna kwako inapita tumboni na kuwekwa kiotani kama sega, kuvu wanaota juu yake, kisha sega hilo ndilo linaloliwa. Kwa hiyo dawa ya chambo inapitia shambani kwanza, inacheleweshwa na kuzimuliwa. Halafu wafanyakazi wa jamii hii wakishakomaa hawajivui ngozi tena, hivyo dawa haiwagusi. Inaua watoto na mayai tu, na waliokomaa wanaendelea kula nyumba yako mpaka wazeeke. Tena mara nyingi wanakijaza kituo udongo na kukihama. Majaribio ya Malaysia kwa ndugu wa karibu wa mchwa wetu wa vichuguu yalionyesha kwamba ukoo unaweza kuanguka kwa chambo, ila kwa muda mrefu na kwa kula chambo kingi. Anayekuahidi miezi mitatu ana takwimu za mchwa wa nchi nyingine.

Kuhusu sumu, muuzaji ana hoja nzuri. Kiasi cha dawa kwenye vituo vyote 15 ni kidogo mno ukilinganisha na lita 400 za mchanganyiko, na kimefungwa ndani ya kopo. Kwa nyumba iliyo kwenye mteremko juu ya kisima, kando ya bwawa la samaki, au yenye mizinga ya nyuki uani, ningeanza na chambo bila kusita, kwa sababu fipronili ni kali mno kwa samaki na nyuki. Ukichagua chambo, muombe akubandikie pia kopo la ukutani juu ya njia ya udongo iliyo hai, pale pale kwenye fremu. Hapo husubiri wakigonge, chambo kinawekwa mdomoni mwao. Masharti yake ni kwamba usivunje njia ile, usipulizie dawa ya mbu karibu nayo, na usifungue kopo kila siku kuchungulia. Mchwa akisumbuliwa anahama. Kisha kuna gharama isiyotajwa siku ya kwanza: vituo vinakaguliwa kila mwezi au miwili, chambo kinaongezwa, sisimizi na ukungu vinaondolewa. Ukaguzi ukikoma, ulinzi nao umekoma.

Kwa upande wa watoto, hatari ya dawa ya udongoni ipo siku ya kazi na siku chache baada yake. Walale kwa ndugu siku hiyo, vyombo na vyakula vitolewe kwenye vyumba vinavyotobolewa, kila tundu lizibwe kwa saruji kabla fundi hajaondoka, na mtaro ufukiwe kwa tabaka la udongo mkavu juu. Udongo ukishakauka na kufunikwa, hawagusani na dawa. Ninachokukataza kabisa ni klopirifosi, ambayo fundi wengi huipenda kwa bei yake. Inatiliwa shaka kubwa kwa ukuaji wa ubongo wa mtoto, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa unaohusu kemikali hatari zinazodumu muda mrefu, zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha fulani. Vivyo hivyo kama mzee yeyote akikwambia ana mabaki ya dieldrini "ya zamani iliyokuwa kali". Ilikuwa kali kweli, ilikaa ardhini miongo, na iliingia kwenye maziwa ya mama. Oili chafu nayo isikaribie msingi wako. Haijengi ukanda wowote, na kwa mchanga wa Kibaha itakifikia kisima.

Kichuguu cha jirani kinastahili mazungumzo ya kijirani. Mchwa wa vichuguu wanaweza kutafuta chakula hata mita 50, hivyo inawezekana ndiko wanakotoka wako. Akikubali, kinabomolewa juu, kinachimbwa mpaka kwenye chumba cha malkia, kile kijumba kigumu cha udongo chenye umbo la mkate, na dawa inamwagwa mle ndani. Ni kazi rahisi kuliko zote tulizozungumza. Lakini usiifanye badala ya kizuizi, maana wapo mchwa wasiojenga kichuguu kinachoonekana, na huenda wanaokula fremu yako ni hao.

Kizuizi kilichowekwa vizuri kinatarajiwa kukaa miaka. Marekani dawa ya namna hii hutakiwa kuonyesha angalau miaka 5 kwenye viwanja vya majaribio. Kwa mvua na joto la huku, na zaidi kwenye udongo wa chokaa ya matumbawe, ambao huivunja fipronili haraka, mimi hukagua kila mwaka na kujiandaa kurudia mapema zaidi.

Kabla ya kulipa, shika kopo la dawa mkononi. Liwe limefungwa, lebo isomeke, na liwe limesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mwandikishe fundi idadi ya lita alizotumia na mahali alipotoboa. Kazi ikiisha, vunja sentimita chache za njia moja ya udongo, zile nyingine usiziguse, na weka alama kwa penseli. Kwa dawa isiyofukuza, kuona mchwa wazima wiki ya kwanza na ya pili si kosa. Kama baada ya miezi mitatu ile sehemu uliyovunja imejengwa upya kwa udongo mbichi, kuna pengo karibu na hapo, na fundi anapaswa kurudi kulitafuta.

Kuna jambo moja lisilosubiri hayo yote. Umesema wamefika darini. Wiki hii panda na tochi na bisibisi, au mtume seremala, mchome kenchi moja moja hasa pale zinapokaa juu ya ukuta. Bisibisi ikizama bila nguvu, au mbao ikilia tupu, usilaze mtu chini ya chumba hicho mpaka seremala aimarishe au abadilishe. Dawa inazuia mchwa wasiendelee kula, haiwezi kuirudishia nguvu kenchi iliyokwisha liwa.